Barua haina mwaka: namna ya kuupata kwa siku ya juma, mwezi mwandamo na ushahidi wa maisha

Mtu anapomwandikia ndugu yake haoni haja ya kutaja mwaka, kwa sababu wote wawili wanaujua. Ataandika “Tanga, Alhamisi, tarehe 21 Januari” kisha aendelee na salamu. Miaka sitini baadaye barua hiyo imo kwenye sanduku la bati pamoja na nyingine arobaini, na anayetaka kupanga maisha ya marehemu hajui aanze na ipi.

Mwaka huo mara nyingi unapatikana, na kwa uhakika mkubwa, kwa sababu mwandishi ameacha vitu viwili ambavyo havikutani ovyo: siku ya juma na tarehe. Akiongeza na siku ya mwezi mwandamo, kama walivyozoea watu wa pwani na Waislamu wengi wa bara, anakuwa karibu ametaja mwaka bila kuutaja. Mwongozo huu unahusu zaidi barua na shajara za Afrika Mashariki za karne iliyopita, lakini hesabu zake hazibadiliki popote barua ilipoandikwa.

Kwanza, usivuruge mpangilio

Kabla hujafungua fundo la barua, lipige picha jinsi lilivyo. Barua zilizofungwa kwa uzi mmoja, au zilizokunjwa moja ndani ya nyingine, mara nyingi ziliwekwa hivyo na aliyezipokea, na ukaribu huo ni ushahidi. Ukishazitawanya mezani umeupoteza.

Ipe kila barua namba kwa penseli laini, ndogo, kwenye pembe ya nyuma. Usitumie kalamu ya wino, wala karatasi za kunata, kwa sababu gundi yake hubaki. Bahasha ipewe namba ileile ya barua iliyokutwa ndani yake, lakini kwenye maelezo yako andika “ilikutwa ndani ya bahasha hii”, usiandike “bahasha yake”. Watu hurudisha barua kwenye bahasha isiyo yake mara nyingi kuliko unavyodhani. Pima: mikunjo ya karatasi ilingane na ukubwa wa bahasha, na wino wa anwani ufanane na wa barua.

Kisha nakili barua nzima neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia. Usirekebishe “Juma tano” kuwa “Jumatano”, wala “Tanganyika” kuwa “Tanzania”. Tarehe iliyoandikwa juu kwa mwandiko mwingine, hasa kwa kalamu ya rangi tofauti, inakiliwe pia lakini iwekwe kando. Hayo ni makisio ya mjukuu au mjomba aliyewahi kuzipanga kabla yako. Anaweza kuwa sahihi, ila makisio yake yasiongoze hesabu yako.

Weka mipaka miwili

Kila barua ina “si kabla ya” na “si baada ya”. Fungua jedwali kwenye daftari au kompyuta lenye safu hizi: namba ya barua, si kabla ya, si baada ya, sababu. Safu ya sababu ndiyo itakayokuokoa miezi sita baadaye utakapokuwa umesahau kwa nini uliamua vile.

Mipaka ya kwanza hutoka kwenye maisha ya watu wenyewe. Barua haikuandikwa kabla mwandishi hajajua kusoma na kuandika, wala baada ya kifo cha anayesalimiwa. Kama imetumwa kwenye nyumba ya Mombasa, na risiti za kodi zinaonyesha familia ilihamia hapo 1958 na kuondoka 1973, tayari una miaka 15 tu ya kuchunguza.

Halafu tazama maneno yanayobadilika na nyakati. Hapa kuna kanuni moja ambayo watu wengi huikosea: jina jipya hutoa mpaka imara, jina la zamani hutoa mpaka dhaifu. Barua inayotaja “Tanzania” haiwezi kuwa ya kabla ya 29 Oktoba 1964, siku jina hilo lilipoanza kutumika rasmi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akilijua kabla ya mwaka huo. Lakini barua inayotaja “Tanganyika” inaweza kuwa ya 1966, kwani wazee waliendelea kusema hivyo kwa miaka mingi. Ndivyo ilivyo pia kwa CCM, iliyozaliwa 5 Februari 1977. Ikitajwa, umepata mpaka wa chini. TANU ikitajwa, usifunge mpaka wa juu kwa haraka.

Barua za ndugu walioko Kongo zina faida ya pekee hapa. “Elisabethville” ilikuwa Lubumbashi kuanzia 1966, na nchi ikaitwa Zaire kuanzia Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Mtu aliyeandika “Lubumbashi, Zaire” kwenye anwani amekupa miaka 26, si zaidi.

Stempu nayo ni mpaka wa chini tu. Stempu za Zanzibar zenye picha ya Sultani zilizogongwa maneno “JAMHURI 1964” haziwezi kuwa za kabla ya Mapinduzi ya 12 Januari mwaka huo. Ila stempu isiyogongwa maneno hayo haithibitishi kwamba barua ni ya kabla, kwa kuwa mtu anaweza kukaa na stempu za zamani mtotoni mwa meza. Muhuri wa posta ndio wenye thamani, na kwa kawaida una mwaka. Tatizo ni kwamba watoza stempu walizikata zote pamoja na muhuri. Bahasha ikiwa imekatwa pembe, angalia upande wa nyuma: wakati mwingine kuna muhuri wa posta ya kupokelea ambao hakuna aliyeuona.

Siku ya juma na tarehe

Sasa tufanye kazi kwa barua moja ya mfano. Imetoka Tanga, inakwenda Mombasa, mwandishi ni mwanamke anayemwandikia dada yake. Haina bahasha. Juu imeandikwa “Alhamisi, tarehe 21 Januari”. Ndani anasema leo ni kumi na nane ya Ramadhani, mtoto ameanza kutambaa na ana meno mawili, na kwamba amempa mtu shilingi ishirini azifikishe kwa dada.

Tarehe moja husogea siku moja ya juma kila mwaka, na siku mbili pale mwaka mrefu, wenye 29 Februari, unapoingia kati. Kwa hiyo tarehe na siku hukutana tena baada ya miaka 5, 6 au 11, na mzunguko mzima hujirudia kila baada ya miaka 28, mradi usivuke mwaka kama 1900 ambao haukuwa mrefu ingawa unagawanyika kwa 4. Huna haja ya kuhesabu kwa vidole. Kwenye jedwali la kompyuta weka miaka kwenye safu A, kuanzia A2, na kando yake andika:

```
=WEEKDAY(DATE(A2,1,21))
```

Jibu litakuwa namba. 1 ni Jumapili, 2 Jumatatu, na kuendelea, kwa hiyo Alhamisi ni 5. Hapa pana mtego wa Kiswahili wenyewe: sisi tunahesabu siku kuanzia Jumamosi, na siku yenye “tano” kwa jina ni Jumatano, ambayo kwenye kompyuta ni 4. Mtu akichagua 5 akidhani ni Jumatano, orodha yake yote ya miaka inakuwa ya siku nyingine. Na jina “Alhamisi” lenyewe ni tano ya Kiarabu, ambako hesabu huanza Jumapili. Andika ufunguo wa namba na siku juu ya jedwali kabla hujaanza.

Anayetumia Python anaweza kupata orodha kwa mara moja:

```python
from datetime import date
for y in range(1930, 2000):
    if date(y, 1, 21).weekday() == 3:
        print(y)
```

Huku Jumatatu ni 0, ndiyo maana Alhamisi imekuwa 3. Orodha inayotoka ni hii: 1932, 1937, 1943, 1954, 1960, 1965, 1971, 1982, 1988, 1993 na 1999. Kutoka miaka 70 umebakiwa na 11, na bado hujasoma barua yenyewe.

Kama barua zako ni za karne ya 19, usitumie Excel kwa kazi hii. Haitambui tarehe za kabla ya 1900, na kwa miezi miwili ya mwanzo ya 1900 yenyewe siku zake si sahihi, kwa sababu programu hiyo inauhesabu mwaka huo kuwa mrefu.

Mwezi mwandamo

Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na huzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Juma lina mzunguko wake wa miaka 28, mwezi una wa 33. Mizunguko hiyo miwili haiendi pamoja, na hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo.

Ramadhani ya 1384 Hijria ilianza kwa hesabu tarehe 4 Januari 1965. Ukitaka makisio ya haraka ya mwaka mwingine, zidisha idadi ya miaka kwa 10.9, kisha sogeza mbele kama unarudi kwenye miaka ya nyuma, au sogeza nyuma kama unakuja kwenye miaka ya karibu. Kutoka 1965 kurudi 1960 ni miaka 5, yaani siku 54 au 55, na Ramadhani inaangukia mwisho wa Februari. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa kazi ya mwisho tumia programu ya kubadilisha tarehe za Hijria, lakini makisio haya yanatosha kuchuja.

Rudi kwenye orodha. Mwaka 1960 Ramadhani ilikuwa bado haijafika tarehe 21 Januari. Mwaka 1954 ilianza Mei, 1971 ilianza Oktoba, 1982 Juni, 1988 Aprili. Miaka karibu yote inaanguka, inabaki mitatu ya kuangaliwa kwa makini: 1932, 1965 na 1999.

1999 inakaribia sana, lakini Ramadhani ile ilianza Desemba 1998 na Idd ilikuwa imeshapita siku mbili tatu ifikapo 21 Januari. Mwandishi wetu bado anafunga. Imetoka.

1932 ni ngumu zaidi, na ni mfano mzuri wa kwa nini usisimame kwenye “siku inalingana na ni Ramadhani”. 21 Januari 1932 ilikuwa Alhamisi kweli, na ilikuwa ndani ya Ramadhani kweli. Lakini Ramadhani ya 1350 ilianza kwa hesabu tarehe 10 Januari, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa kumi na mbili ya mwezi. Barua inasema kumi na nane. Tofauti ni siku sita. Mwaka 1965, kuanzia tarehe 4, Alhamisi ya tarehe 21 ni kumi na nane barabara.

Siku sita ni nyingi mno kuwa kosa la mwandamo. Siku moja ingekuwa kawaida, kwa sababu hesabu ya vitabuni na programu si sawa na mwezi kuonekana kwa macho. Mawingu ya Tanga yanaweza kuficha mwezi ambao Lamu wameuona, na miji miwili ikafunga siku tofauti. Kanuni ya kazi ni hii: kubali tofauti ya siku moja bila swali, ya siku mbili kwa tahadhari, na kuanzia siku tatu ukatae mwaka huo au ukatae usomaji wako wa mwandiko.

Mara nyingi mwandishi hataji siku ya mwezi kwa namba. Anasema “tumeingia kumi la mwisho”, na hiyo ni siku ya 21 hadi 30. Anasema “jana tumesoma Maulidi”, lakini Maulidi husomwa mwezi mzima na zaidi, kwa hiyo usiichukue kama tarehe 12. Anataja majina ya pwani: Mfunguo Mosi ni Shawali, unaofuata Ramadhani, na kuendelea hivyo, ambapo Mfunguo Tatu ni mwezi wa Idd ya kuchinja, Mfunguo Nne ndio unaofungua mwaka wa Hijria, na Mfunguo Sita ni wa Maulidi. Anayesoma “Mfunguo Nne” akadhani ni Aprili, au mwezi wa nne wa Kiislamu, anakosea kwa miezi mingi. Jedwali lako liwe na miezi hii tisa ya Mfunguo pamoja na Rajabu, Shaabani na Ramadhani, kila mmoja kando ya jina lake la Kiarabu.

Kuna kosa jingine dogo linalosumbua sana. Kwa hesabu ya Kiislamu, na kwa mazoea ya Waswahili wengi, siku huanza jua likitua. “Usiku wa Ijumaa” kwa mzee wa Pangani ni usiku baada ya Alhamisi kuisha. Mtoto aliyezaliwa “usiku wa Ijumaa, mwezi 18” anaweza kuwa na tarehe ya Alhamisi kwenye cheti cha kliniki, na nyaraka zote mbili ziko sahihi. Unapokuta tofauti ya siku moja kati ya barua na cheti, uliza kwanza kama tukio lilikuwa la usiku kabla hujamtuhumu mtu kwamba alikosea.

Jambo la mwisho kuhusu Hijria ni tarakimu mbili. Chukulia kwamba kwenye fundo hilohilo kuna barua nyingine ya mwandiko uleule, yenye Alhamisi 21 Januari ileile, na chini kabisa, kwa tarakimu za Kiarabu, pameandikwa 84. Aliyepanga barua kabla yako ameiweka pamoja na za 1984. Jaribu: 21 Januari 1984 ilikuwa Jumamosi, si Alhamisi, na Ramadhani ya mwaka huo ilikuja katikati ya mwaka. Hiyo ni 84 ya Hijria, yaani 1384, iliyoanza katikati ya Mei 1964 na kuisha mwanzoni mwa Mei 1965. Waandishi wa hati za Kiarabu walikuwa wakiacha 13 kama sisi tunavyoacha 19. Kila unapokuta tarakimu mbili peke yake, pima kalenda zote mbili.

Ushahidi wa maisha ndio unaothibitisha

Hesabu imetupa 1965. Usiandike bado. Mwandishi anaweza kuwa amekosea siku, na hilo hutokea zaidi kwa mtu asiyekwenda kazini wala shuleni, ambaye hana kinachomkumbusha kwamba leo ni Jumatano. Tafuta ushahidi wa pili usiotegemea kalenda.

Kwenye barua yetu ni mtoto. Anatambaa na ana meno mawili, yaani ana umri wa miezi sita hadi kumi hivi. Kama ni 1965, alizaliwa kati ya Machi na Julai 1964. Fungua kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, au orodha ya nyuma ya Msahafu ambako familia nyingi huandika kuzaliwa kwa watoto. Ukikuta mtoto wa Mei 1964, ushahidi mbili zimekutana kutoka njia tofauti, na hapo unaweza kuwa na moyo uliotulia. Ukikuta watoto wa 1962 na 1966 tu, kuna kitu hakiko sawa, na cha kwanza kuuliza ni kama mtoto anayetajwa ni wa mwandishi au wa jirani.

Shilingi ishirini hazisaidii sana. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo inakubali hata 1932. Ingekuwa “rupia” au “heller” ungesogea nyuma, kwani heller ni ya Wajerumani, tangu 1904 hadi utawala wao ulipokwisha. Kuna dokezo dogo tu: fedha zinavuka kutoka Tanga kwenda Mombasa bila mtu kusema habari ya kubadilisha. Hadi 1966, Tanzania na Kenya zilipotoa kila moja shilingi yake, noti ilikuwa moja. Dokezo kama hilo liandike kwenye safu ya sababu, lakini lisibebe uamuzi.

Jihadhari hasa na mduara. Unaipa barua namba 7 mwaka 1965 kwa sababu inataja harusi. Mwaka wa harusi umeupata kwenye barua namba 12. Barua namba 12 uliipa mwaka kwa sababu inaonekana kufuata namba 7. Hapo hujui chochote, ingawa kila kitu kinaonekana kulingana. Kinga yake ni kuandika kwenye safu ya sababu namba za barua ulizotegemea, na kuhakikisha kila mnyororo unaishia kwenye kitu kilicho nje ya barua: cheti, muhuri wa posta, hesabu ya kalenda, au tukio linalojulikana.

Barua zinazojibizana zinafaa sana hapa. Mwandishi akisema “nimeipata barua yako ya tarehe 3”, tafuta barua ya tarehe 3 kwenye fundo la upande wa pili. Ukiipatia mwaka moja, umeipatia na nyingine, na kila jibizano lililopatikana huvuta jingine nyuma yake.

Shajara

Shajara ni rahisi kuliko barua kwa sababu ina siku nyingi, na kosa la siku moja hujionyesha lenyewe. Chukua maingizo matano yaliyotawanyika, angalia siku na tarehe za kila moja, kisha uone kama yote yanaelekeza kwenye orodha moja ya miaka. Moja likigoma ni kosa la mwandishi. Yote yakigoma kuanzia ukurasa fulani, shajara imevuka mwaka mpya, au daftari limeshonwa upya na kurasa zimechanganyika.

Kipimo cha kwanza cha shajara ni Februari na Machi. Katika mwaka wa kawaida, tarehe yoyote ya Februari huwa siku ileile ya juma na tarehe hiyo ya Machi: kama 1 Februari ni Jumatatu, 1 Machi ni Jumatatu. Katika mwaka mrefu, Machi inasogea siku moja mbele. Kwa hiyo hata kama ukurasa wa 29 Februari umechanika, unaweza kujua kama mwaka ulikuwa mrefu, na ukiwa mrefu unaondoa robo tatu ya miaka yote kwa mkupuo.

Kwa shajara ya Mkristo, Pasaka hufanya kazi ambayo Ramadhani ilifanya juu. Tuseme mwalimu wa misheni ameandika Pasaka kuwa Jumapili 29 Machi, na mipaka ya maisha yake inaiweka shajara kati ya 1950 na 1975. Katika kipindi hicho Pasaka iliangukia 29 Machi mara tatu tu: 1959, 1964 na 1970. Kati ya hiyo, 1964 peke yake ni mwaka mrefu. Linganisha Februari na Machi. Kama 10 Februari ni Jumatatu na 10 Machi ni Jumanne, umemaliza. Kama zote ni siku moja, una 1959 na 1970, na miaka hiyo miwili ina kalenda ileile kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba, kwa hiyo hesabu ya siku haiwezi tena kukusaidia. Hapo utegemee matukio: mwaka wa kwanza Tanganyika bado ni ya Waingereza, wa pili Azimio la Arusha lina miaka mitatu, na ni vigumu mtu aandike miezi kumi na miwili bila kuacha alama ya mojawapo.

Shajara zilizochapwa zenye mwaka juu ya kila ukurasa zina udanganyifu wake. Daftari la 1962 lisilotumika lilikuwa bado daftari zuri mwaka 1963, na watu hawakutupa karatasi. Dalili yake ni siku za juma zilizochapwa kukatwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine, au ibada za Jumapili kutokea kwenye kurasa zilizochapwa Jumamosi. Ukiona Jumapili iko kwenye ukurasa wa Jumamosi mwaka mzima, daftari lilitumika mwaka mmoja baada ya ule uliochapwa. Ikiwa kwenye ukurasa wa Jumatatu, ni mwaka mmoja kabla au miaka mitano baada. Tarehe za baada ya Februari zinaweza kukupa jibu tofauti na za kabla ikiwa mmoja wa miaka hiyo ni mrefu, kwa hiyo pima pande zote mbili.

Kuandika jibu

Usiandike mwaka uliougundua juu ya barua. Uandike kwenye orodha yako, ndani ya mabano ya mraba, ambayo kwa watunza nyaraka humaanisha kwamba neno halimo kwenye hati. Barua ya Tanga itakuwa “[1965] Januari 21”. Kama mtoto asingepatikana kwenye cheti chochote, ingekuwa “[1965?] Januari 21”. Barua yenye mipaka tu iwe “[kati ya 1958 na 1973]”, wala usiikate katikati kuwa “takriban 1965”, kwa sababu atakayesoma baada yako ataichukua 1965 kama jambo lililojulikana.

Kwenye mfululizo wa maisha, tenganisha tarehe ya tukio na tarehe ya barua. Barua ya 21 Januari haisemi mtoto alianza kutambaa siku hiyo. Inasema alikuwa ameshaanza, na kwamba dada wa Mombasa alikuwa hajaambiwa. Tukio liwekwe “si baada ya 21 Januari 1965”, na kando yake namba ya barua.

Barua ambazo hazikukubali mwaka wowote zisilazimishwe. Ziweke mwisho wa orodha na mipaka yake, kisha uzirudie kila unapoipatia mwaka barua nyingine ya mwandiko huohuo au ya karatasi ya aina ileile, yenye mistari na rangi inayofanana. Daftari moja la barua kwa kawaida haliishi miaka mingi mkononi mwa mtu anayeandika mara kwa mara.

Anza na zile zenye siku ya juma na mwezi mwandamo pamoja, hata kama hazina habari ya maana ndani. Hizo ndizo vigingi ambavyo nyingine zote zitafungwa.